Voisi ya dakika mbili niliyoshindwa kuiandika

Leo sio somo la picha wala kupandisha oda. Leo ni ile siku unapigiwa simu na muuzaji mwenzako: "Kuna binti kaomba kazi kwangu, ameweka namba yako kwenye CV kama mdhamini. Vipi, anafaa?" Wengi wetu tuna msaidizi mmoja au wawili, wanakuja wanaondoka, kwa hiyo kama bado hujaulizwa utaulizwa.

Mimi naniuzia viatu vya kike hapa Sinza. Aliyeniuliza ni dada mmoja anauza mashuka na mapazia, tunafahamiana kwa kupeana mawakala wa mizigo. Msichana mwenyewe nitamwita Z. Dada aliniuliza mambo matatu: anajua kujibu wateja? Anawahi? Anaweza kuachiwa hela?

Mimi nikashika simu, niko nafunga mizigo, nikamtupia voisi. Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

"Aah dada, huyo binti mzuri tu, ana roho nzuri, mchapakazi kweli. Ila kuchelewa ndio ugonjwa wake, kila siku anachelewa. Halafu ana kamdomo na wateja. Na mimi aliniacha kwenye mataa, ghafla tu, naelekea msimu wa Desemba. Kuna hela pia ilishawahi kupotea hapa, sisemi ni yeye, ila we kuwa macho. Mama yake anaumwaumwa, basi akili haipo kazini. Lakini mchukue tu, atakufaa."

Nikaona nimemsaidia kila mtu. Baada ya nusu saa dada akajibu: "Asante mdogo wangu. Naomba uniandikie hayo, duka tunaendesha wawili na mwenzangu anataka asome."

Nikakaa chini kuandika. Sentensi ya kwanza tu ikanigomea. "Kila siku anachelewa." Kila siku? Kwenye voisi linapita, ukiliandika linakutazama.

Hapa dukani tuna grupu la wasap, kila anayefungua anaandika "nimefika". Nikaingia sehemu ya kutafuta, nikaandika neno hilo, nikaanza kuhesabu asubuhi moja moja. Muda wetu ni saa mbili na nusu. Mwaka wake wa kwanza kachelewa mara chache mno, sikuhangaika hata kuziandika. Miezi mitatu ya mwisho ndio shida: siku 76 za kazi, kachelewa siku 19, nyingi ni dakika 20 hadi 40. Yaani siku moja kwa kila nne. Ni kuchelewa kweli na nilimwonya mara mbili kwa mdomo, siwezi kumficha dada. Ila sio kila siku, na haikuwa hivyo toka mwanzo. Mimi nilikuwa nakumbuka mwisho tu, kwa sababu mwisho ndio uliniudhi.

"Ana kamdomo na wateja." Nikajiuliza, nina mfano gani? Nikaupata mmoja. Mteja alitaka kurudisha kiatu, Z akamjibu: "Dada, hiki kiatu umekivaa harusini, tumekiona kwenye stetasi yako." Mteja akaja kunilalamikia mimi. Lakini sheria ya kutopokea kiatu kilichovaliwa niliiweka mimi, yeye kaitekeleza, labda kwa ukavu kidogo. Mfano mmoja kwa mtu aliyekuwa anajibu meseji kutwa nzima hauwezi kuitwa tabia. Nikalifuta neno "kamdomo", nikaandika ninachokijua.

Kwenye sifa nako nilikuwa nimefanya kosa hilo hilo, ila hili watu hawalioni. "Roho nzuri, mchapakazi." Dada atafanyia nini maneno hayo? Mimi mwenyewe nimeyasema kwa kila mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Nikatafuta alichofanya hasa. Z ndiye aliyeanza kupima urefu wa ndani wa kiatu kwa sentimita na kuuandika chini ya kila picha, Machi 2024, bila kuambiwa. Daftari langu la viatu vilivyorudishwa linasema Februari vilirudi 11, Mei vilirudi 4. Kwa nauli ya boda ya kwenda na kurudi mnajua hiyo ni hela. Sentensi hiyo moja inamwambia dada mengi kuliko "mchapakazi" kumi.

"Aliniacha kwenye mataa." Nikafungua meseji yake. Aliniandikia tarehe 28 Oktoba kwamba anaondoka, siku yake ya mwisho ikawa 15 Novemba. Siku 18. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria ya ajira inataka taarifa ya siku 28, kwa hiyo hakuitimiza. Lakini na mimi sikuwa nimempa mkataba wa maandishi, nilimwajiri kwa mdomo kama wengi wetu tunavyofanya. Na cheti cha utumishi, ambacho sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anapoondoka, sikumpa. "Ghafla" lilikuwa neno la hasira zangu. Siku 18 ndio ukweli.

Habari ya mama yake niliitoa yote. Sio kwamba ni uongo. Z aliniambia mimi kama bosi wake siku alipoomba ruhusa, hakunipa nikaitangaze. Na kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mambo ya afya ni taarifa nyeti. Hata bila sheria, jiulize: dada kauliza mambo matatu, ugonjwa wa mama wa mtu ni jibu la lipi?

Sasa hela.

Hapa ndio nilikaa muda mrefu. Juni 2024 boksi la hela za boda lilipungua shilingi 68,000. Siku ile boksi tulilishika watu watatu: Z, binamu yangu na mimi mwenyewe. Niliuliza, hakuna aliyejua, sikumtuhumu mtu, nikajaza pengo kwa faida ya wiki. Inawezekana hata mimi nilimlipa boda mara mbili, siku ile tulikuwa na mizigo mingi. Halafu leo nimesema "sisemi ni yeye, ila kuwa macho". Hayo maneno yanasema ni yeye. Ukisikia hivyo kuhusu msichana unayetaka kumkabidhi droo, utamwajiri?

Nikaona nina njia tatu. Kunyamaza nisiandike lolote juu ya hela, lakini dada kauliza waziwazi, na kunyamaza baada ya ile voisi ni kumwachia shaka mkononi. Kuandika "ni mwaminifu sana, sina wasiwasi" na kujifanya sikusema kitu, huo ni uongo wa upande wa pili, na dada atajua nimegeuka. Njia ya tatu ni kuandika kilichotokea, nani alishika boksi, na nini kilifuata. Kilichofuata nilikuwa nimekisahau kabisa: kuanzia Julai nilimpa Z daftari na boksi peke yake, nikawa napiga hesabu kila Jumamosi. Miezi minne na nusu, haikupungua hata mara moja.

Kwa kawaida upungufu usiojulikana nani kausababisha hauandikwi kwenye jibu la mtu yeyote. Ungekuwa haujatoka mdomoni kwangu ningeandika hizo Jumamosi tu. Ila nilishautoa, ilinibidi niurudie nikausafishe, tena kwa maandishi, kwa sababu mwenzake dada atasoma maandishi lakini dada ameshasikia voisi. Kuifuta voisi isingesaidia. Sikio halifutiki.

Neno la mwisho, "mchukue tu", nalo nikalitoa. Duka sio langu. Ninachoweza kumjibu ni kama mimi ningemrudisha, na kwa kazi gani.

Kabla ya kutuma nilimpigia Z, nikamwambia nimeulizwa na nimeshasema nini. Ile simu haikuwa rahisi. Alinyamaza, akasema, "Kaka, ile hela bado unaiwaza?" Nikamtumia nilichoandika. Akanirekebisha kitu kimoja, tarehe ya kuanza: mimi niliandika Oktoba, yeye ana meseji ya kuitwa kazini ya Septemba. Kuhusu kuchelewa akasema ni kweli, niache kama ilivyo.

Hiki ndicho nilichotuma:

"Dada habari. Z alifanya kazi kwangu kuanzia 2 Septemba 2023 hadi 15 Novemba 2024. Alikuwa anajibu wateja wa wasap na Insta, anafunga mizigo na kupokea hela kwa boda.

Wateja: anajibu haraka na anaijua bidhaa. Ndiye aliyeanza kuandika vipimo vya viatu kwa sentimita, na viatu vinavyorudishwa vilipungua kutoka 11 kwa mwezi hadi 4. Kwa mteja msumbufu anajibu kwa ufupi na anafuata sheria ya duka. Nakumbuka lalamiko moja tu, na alikuwa anatekeleza sheria yangu.

Muda: mwaka wa kwanza aliwahi. Miezi mitatu ya mwisho alichelewa siku 19 kati ya 76, nyingi dakika 20 hadi 40. Nilimwonya mara mbili kwa mdomo.

Hela: kwenye voisi nilisema kuna hela ilipotea na nikakwambia uwe macho. Nilikosea kusema vile. Juni 2024 boksi lilipungua 68,000, siku hiyo tulilishika watu watatu nikiwemo mimi, na haikujulikana ilikwendaje. Sina sababu ya kuihusisha na Z. Baada ya hapo alishika boksi na daftari peke yake miezi minne na nusu, nikikagua kila wiki, na hesabu haikupungua.

Aliondoka kwa hiari yake na alinipa taarifa siku 18 kabla. Mengine ya familia niliyoyasema kwenye voisi naomba yasihesabiwe, hayakuwa yangu kuyasema. Mimi ningemrudisha kwenye kujibu wateja na kufunga mizigo, ila ningekubaliana naye mapema kuhusu saa ya kuingia. Z ameliona jibu hili."

Ukiangalia, jibu hili halimpambi. Siku 19 zimo, na zinaweza kumnyima kazi. Lakini kila mstari nikiulizwa umetoka wapi naonyesha: grupu, daftari, meseji. Mstari niliokosa pa kuuonyesha niliutoa, hata kama ulikuwa wa sifa.

Kama una msaidizi sasa hivi, andika leo tarehe aliyoanza na kazi unayompa. Mimi ningekuwa nayo nisingekosea mwezi mzima.

Dada alijibu jioni: "Sisi tunafungua saa nne. Huko kuchelewa kulikuwa shida ya umbali au nini?" Nikamwambia hilo amuulize mwenyewe. Akasema atamwita Jumatatu.