Wiki Mbili za Chakula: Bakteria wa Utumbo na Mafunzo ya Kinga ya Mwili

Mtumiaji anaponunua chakula, hununua pia riziki ya viumbe wadogo wasiohesabika wanaoishi katika utumbo wake mpana. Wengi wa viumbe hao ni bakteria wasio na madhara, na mwili unawahitaji. Katika somo hili tunaeleza kazi wanayoifanya, kisha tunaangalia utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro, ambao ulionesha jinsi mabadiliko ya chakula kwa muda wa wiki mbili tu yanavyoweza kuonekana katika damu.

Kinachobaki baada ya mmeng'enyo

Tuchukue sahani ya kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Tumbo na utumbo mwembamba humeng'enya sehemu kubwa ya wanga, protini na mafuta, na virutubisho hivyo huingia katika damu. Hata hivyo, mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi za maharage, wala sehemu ya wanga wa ndizi ulio mgumu kumeng'enywa. Mabaki hayo huteremka hadi utumbo mpana yakiwa bado mazima.

Huko ndiko bakteria huyapokea. Huyachachusha, kama vile chachu inavyochachusha togwa, na katika kufanya hivyo hutoa gesi na asidi nyepesi za mafuta. Mojawapo ya asidi hizo huitwa butireti. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana huitegemea butireti kama chakula chao kikuu. Kwa hiyo mla maharage hulisha bakteria, nao bakteria hulisha ukuta wa utumbo wake.

Jinsi kinga inavyofunzwa

Nyuma ya ukuta huo, ambao unene wake ni wa seli moja tu, kuna seli nyingi za kinga ya mwili. Kazi yao ni ngumu: zinatakiwa kuvishambulia vijidudu vya maradhi, lakini zivumilie chakula na bakteria wema. Uwezo huo wa kutofautisha haukamiliki mtoto anapozaliwa. Seli za kinga hujifunza kwa kukutana na bakteria wa utumbo tangu siku za kwanza za maisha, na mafunzo hayo huendelea. Butireti husaidia kuongeza seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake ili mashambulizi yasipite kiasi.

Nyuzinyuzi zikipungua kwa muda mrefu, bakteria wanaozitegemea hupungua, na baadhi ya waliobaki hugeukia ute unaoufunika ukuta wa utumbo na kuula. Ute ukipungua, vipande vya bakteria huweza kupenya hadi kwenye damu, nayo kinga hubaki katika hali ya tahadhari isiyokwisha. Hali hiyo huitwa mchochota. Mchochota wa aina hii hauleti homa wala maumivu. Hugunduliwa kwa kupima damu. Ukidumu kwa miaka, huchangia maradhi ya moyo na kisukari.

Walichokipima Moshi

Watafiti wa KCMC mjini Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walikwisha kuwapima Watanzania 323 wenye afya njema, wa mijini na wa vijijini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionesha kuwa kinga za wakazi wa mjini zilikuwa na dalili zaidi za mchochota. Lakini wa mjini na wa kijijini hawatofautiani kwa chakula peke yake: hutofautiana pia kwa kazi, mwendo na mazingira. Ili kujua mchango wa chakula, ilibidi chakula kibadilishwe.

Ndivyo ilivyofanyika katika utafiti wa pili, uliochapishwa Aprili 2025, ukiwa na wanaume 77 wenye afya. Wanaume 23 waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro walikula kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa, vyenye chumvi, sukari na mafuta mengi. Wengine 22, waliozoea ulaji huo wa kisasa, walipewa kwa muda huohuo mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu, la watu 22, lilikunywa kwa wiki moja mbege, kinywaji cha ndizi mbivu zilizochachushwa na ulezi. Watu 10 hawakubadilisha chochote, ili wawe kipimo cha kulinganishia.

Katika kundi la kwanza, protini za mchochota ziliongezeka katika damu, na seli za kinga zilikabili vijidudu vya maradhi kwa nguvu ndogo kuliko awali. Hapa tunaona kuwa mchochota haumaanishi kinga imara zaidi. Katika kundi la pili na la tatu dalili za mchochota zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki nne baadaye.

Utafiti huu una mipaka. Haukuwahusisha wanawake, watoto wala wagonjwa, na muda wake ulikuwa mfupi. Hivyo haukuthibitisha kuwa chakula fulani kinatibu ugonjwa fulani. Mbege ina kilevi, na hatuwashauri watu kuinywa kama dawa. Isitolewe kwa watoto wala wajawazito, na aliyeinywa asiendeshe chombo cha moto.

Ushauri kwa mtumiaji

Mkate wenye rangi ya kahawia si lazima uwe wa ngano isiyokobolewa, kwani rangi huweza kuongezwa. Soma orodha ya viambato: hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ikiwa cha kwanza ni unga wa ngano tu, na ngano nzima imetajwa mwishoni, mkate huo una ngano nzima kidogo. Kisha tazama kiasi cha nyuzinyuzi. Kwa viwango vya kimataifa, chakula kigumu chenye gramu 6 au zaidi katika kila gramu 100 ndicho kinachostahili kuitwa chenye nyuzinyuzi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Maharage, kunde, ugali wa dona na mboga za majani huzitoa kwa bei nafuu kuliko vidonge.

Aliyezoea wali na mkate mweupe asibadilishe kwa siku moja. Aongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na anywe maji ya kutosha, kwa sababu uchachushaji wa ghafla huleta gesi na tumbo kujaa. Damu katika choo, kuharisha kusikokoma au kupungua uzito bila sababu si dalili za mazoea ya chakula; anayeziona aende kituo cha afya.

Kwa wanaotengeneza maziwa mgando nyumbani, maziwa yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo kiwekwe kimea cha maziwa mgando salama. Kuganda peke yake hakutoshi kuua vijidudu vya brusela, ambavyo mifugo inaweza kuwa navyo bila kuonesha dalili. Maziwa au togwa iliyoota ukungu imwagwe yote. Kuondoa tabaka la juu hakuondoi sumu iliyokwisha kuenea ndani.