Na Wewe Una Swali? Vidokezo vya Kumpima Bosi Kabla Hujasaini

Usaili unaelekea ukingoni. Wamekuuliza kuhusu shule, uzoefu na sababu ya kuacha kazi ya zamani. Kisha meneja anafunga faili na kusema, "Haya, na wewe una swali?" Wengi hujibu, "Hapana, nashukuru," wakiogopa kuonekana wajuaji. Kwa jibu hilo wanapoteza dakika ambazo wangezitumia kumfahamu mtu atakayewapangia kazi, atakayesaini likizo zao na atakayeandika tathmini zao.

Nitatumia mfano wa kazi moja tu: afisa mikopo kwenye tawi la kampuni ya mikopo midogo hapa Tanzania. Nimeichagua kwa sababu kwenye kazi hiyo tabia ya bosi haijifichi muda mrefu. Kila mwezi kuna lengo, wateja wanachelewesha marejesho na makao makuu wanapiga simu. Kama wewe ni mhasibu, muuguzi au mwalimu wa shule binafsi, badilisha majina ya vitu, maswali yabaki yale yale.

1. Kwanza jua unayemuuliza ni nani

Mara nyingi anayekusaili ni afisa rasilimali watu, au jopo la watu ambao hutawaona tena ukishaanza kazi. Majibu yao kuhusu uongozi huwa mazuri kwa sababu si wao watakaokuongoza. Kwa hiyo swali la mwanzo liwe hili: "Nikipata nafasi hii, nitawajibika kwa nani moja kwa moja? Ningeweza kuzungumza naye kidogo kabla ya kusaini mkataba?"

Ombi hilo ni la kawaida, na ofisi yenye utaratibu italitimiza hata kwa simu ya dakika kumi. Wakikwepa, uliza kama nafasi ya huyo meneja iko wazi. Kuna matawi yanayoajiri maafisa wakati bosi mwenyewe anakaimu, na mwezi ujao unaweza kukuta mwingine.

Utumishi wa umma una njia yake. Usaili unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira hauendeshwi na bosi wako, na kituo utapangiwa baadaye. Pale maswali haya hayana kazi, yaweke mpaka utakaporipoti.

2. Omba tukio, usiombe maoni

Kama utachukua kidokezo kimoja tu, chukua hiki. Ukimuuliza meneja, "Unaongozaje watu wako?" atakujibu kwamba anaamini katika ushirikiano na mlango wake uko wazi. Kila bosi anasema hivyo, na hata yule mkali kuliko wote anaweza kuwa anaamini anachosema. Swali la maoni huleta picha ambayo mtu anayo juu yake mwenyewe. Unachohitaji ni kile alichokifanya.

Kwa hiyo uliza hivi: "Mara ya mwisho afisa wako aliposhindwa kufikia lengo la marejesho, mlifanyaje?"

Tuchukulie wameulizwa mameneja wawili. Wa kwanza anasema, "Hapa tunafanya kazi kwa bidii. Asiyefikia lengo huwa anajiondoa mwenyewe." Anasema kwa tabasamu, na unaweza kulipita jibu hilo ukidhani ni la mtu mchapakazi. Lakini lisikilize vizuri. Halina mtu, halina siku na halina kitu alichofanya yeye. Tena limekueleza kwamba ukikwama utakuwa peke yako.

Wa pili anatulia kidogo, kisha anasema, "Kuna afisa mmoja mwaka huu vikundi vyake viwili vilianza kuchelewa. Nilitoka naye kwenda kwenye mikutano ya vikundi. Tukagundua wale akina mama walikuwa wamechukua pia mikopo ya kausha damu, wanalipa kule kila siku, huku hakibaki kitu. Tukasimamisha mikopo mipya kwenye vikundi vile na kupanga upya ratiba ya malipo. Kimoja kimekaa sawa. Kingine mpaka leo kinatusumbua."

Huyu ametaja chanzo cha tatizo, ametaja alichofanya mwenyewe, na hakuficha kwamba nusu ya kazi haikufanikiwa. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nimwamini zaidi. Hadithi iliyotungwa kwa ajili ya usaili huwa inaisha vizuri.

Jibu likiwa la jumla, usikate tamaa, vuta kidogo: "Nani aligundua kwanza? Ilichukua muda gani? Yule afisa yuko bado?" Aliyekuwepo kwenye tukio hujibu bila kutafuta maneno. Ukivuta mara mbili na bado unapewa kauli za mabango ya ukutani, umepata jibu lako.

3. Uliza kosa huambiwa mtu wapi

Wengi huuliza kama bosi anatoa maoni juu ya kazi ya mtu. Anatoa, hakuna bosi asiyetoa. Yanayotofautiana ni mahali na wakati. "Mara ya mwisho ulipomwambia mtu wako amekosea, mlikuwa wapi na ilikuwa muda gani baada ya kosa?"

Sikiliza mahali palipotajwa. Ofisini, wawili, siku ile ile au kesho yake: vizuri. Kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wote: jiulize kama utaweza. Kwenye kundi la WhatsApp la tawi, saa nne usiku, na picha ya jedwali lenye jina lako limezungushiwa wino mwekundu: hilo lipo, na limewaondoa watu wazuri kazini. Wapo mameneja wanaolitaja kwa fahari, kwamba linaleta ushindani. Mshukuru, na uliandike kichwani.

Jibu jingine la kuogopa ni hili: "Huwa tunayazungumza kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka." Maana yake unaweza kukosea mwezi wa pili na kuambiwa mwezi wa kumi na mbili, kosa likiwa limeshakuwa mazoea na limeshaingia kwenye faili.

Kisha geuza swali kwa adabu: "Na ninyi, mtu wa chini yenu akiona uamuzi wenu una kasoro, huwa anawafikishiaje? Kuna mara mlibadilisha kitu kwa sababu ya hilo?" Mtazame anapofikiri. Asiyekumbuka hata mara moja, ama hasikilizi, ama watu wake walishaacha kusema.

4. Bana swali la kipindi cha majaribio

Hapa msaada wa bosi una uzito wa kisheria. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Katika miezi hiyo unategemea sana busara ya meneja wako. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri afuatilie kazi ya aliye kwenye majaribio, akutane naye mara kwa mara kuijadili na kumwongoza. Katika ofisi nyingi kinachofanyika ni barua moja mwishoni: umethibitishwa, au hapana.

Uliza: "Katika miezi mitatu ya kwanza, nani atanifundisha kazi, tutakaa mara ngapi kuangalia nilipofikia, na mtatumia kipimo gani kunithibitisha?"

Kwa afisa mikopo kipimo kina undani wake. Ukipokea vikundi vilivyoachwa na mtu mwingine, unapokea na madeni yaliyochelewa. Je, yale yaliyochelewa zaidi ya siku thelathini kabla hujafika yatahesabiwa kwenye namba zako? Meneja anayeijua kazi atakwambia kutakuwa na makabidhiano ya maandishi, kikundi kwa kikundi, na kwamba madeni ya zamani yatatengwa kwa muda. Anayejibu "tutaona mbele ya safari" anakuachia mzigo wa mwenzako.

Uliza pia kama hasara ya mkopo huwa inakatwa kwenye mshahara wa afisa. Sheria haimruhusu mwajiri kukata kiholela. Panatakiwa makubaliano ya maandishi na nafasi ya mfanyakazi kujitetea, na makato ya hasara aliyosababisha kwa kosa lake yasizidi robo ya ujira wake. Bosi anayelijibu swali hili bila kukasirika anajua mipaka yake.

5. Aliyekuwa kwenye kiti hiki yuko wapi?

Swali fupi. "Nafasi hii ni mpya, au kuna aliyeondoka? Ameenda wapi?" Amepandishwa cheo, amehamia tawi lingine, ameenda kusoma: ishara njema. Mtu mmoja kuondoka hakumaanishi chochote. Lakini ukiuliza na waliomtangulia, ukasikia watatu ndani ya miaka miwili, tena wote "hawakuwa na nidhamu", basi shaka iwahamie waliobaki.

6. Muulize na wa chini

Omba kuzungumza na mmoja wa watakaokuwa wenzako, au tumia zile dakika za kusubiri mapokezi. Usimuulize kama bosi ni mzuri, kwa kuwa hawezi kukujibu salama. Muulize mambo ya kazi: "Ukiumwa au ukifiwa, mnaombaje ruhusa? Siku ya marejesho mkichelewa kwenye vikundi, nani huwa anakuja kuwasaidia?" Kisha linganisha na aliyoyasema meneja. Majibu yakifanana kwenye mambo madogo, meneja huenda amesema kweli. Kama kaka au dada wa mapokezi anaangalia mlango kabla ya kujibu, huna haja ya kumbana zaidi.

7. Adabu ya kuuliza

Chagua matatu, usiyamwage yote. Binafsi ningechagua la lengo lililokosekana, la kosa huambiwa wapi, na la kipindi cha majaribio. Anza na "Ningependa kufahamu, ili nikianza nisiwasumbue..." na swali gumu litapokelewa kama la mtu anayejiandaa kufanya kazi. Mshahara na posho viulize mahali pake, usivichanganye na haya. Na andika majibu siku ile ile, kwa maneno yao wenyewe, kabla hamu ya kupata kazi haijayapamba.

Ukikuta meneja ameshindwa kutaja tukio hata moja kwenye maswali mawili, na una nafasi nyingine mkononi, nenda kwenye ile nyingine hata kama mshahara wake umepungua kidogo. Kama huna nyingine, ingia, lakini omba makabidhiano na vipimo vya majaribio viandikwe na kusainiwa kabla ya siku ya kwanza, na nakala moja ibaki nyumbani kwako.