Video inafunguka lakini picha za mzigo haziendi? Pima mtandao kabla ya kuongeza bando

Wauzaji wenzangu, hili ukiuza mtandaoni ukiwa huku Mafia lazima limeshakukuta. Simu inaonyesha vijiti vitatu, video za watu zinafunguka vizuri, ila ukimtumia mteja wa Dar picha za mzigo, duara linazunguka tu. Wengi wetu hapo tunakimbilia kununua bando jingine. Kama bando lako halijaisha, kuongeza jingine hakutasaidia, maana shida iko kati ya simu yako na mnara.

Elewa kwanza jambo moja. Mnara unarusha mawimbi kwa makumi ya wati. Simu yako ikiwa kwenye 4G inarusha kwa kama robo ya wati tu, na inabeba betri ndogo. Kwa hiyo ukiwa mbali, sauti ya mnara inakufikia wewe vizuri, lakini sauti ya simu yako inafika kule imechoka. Ndiyo maana kuangalia kunawezekana na kutuma kunagoma. Vijiti vya juu ya kioo vinakuonyesha unavyousikia mnara, havikwambii mnara unavyokusikia wewe. Na sisi wauzaji kazi yetu kubwa ni kutuma.

Soma namba, achana na vijiti

Kila kampuni ya simu inachora vijiti inavyotaka. Namba haidanganyi. Kwenye simu nyingi za Android ingia Settings, kisha About phone, kisha SIM status au Status, utaona Signal strength. Usipoiona, fungua sehemu ya kupigia simu uandike hii:

```
*#*#4636#*#*
```

Kwa Samsung nyingi ni hii:

```
*#0011#
```

Kwa iPhone andika hii halafu bonyeza kupiga:

```
*3001#12345#*
```

Humo ndani soma tu, usibadilishe kitu. Ukichagua kwa mfano LTE only, simu za kawaida za wateja zinaweza zisikuingilie kabisa.

Tafuta namba yenye alama ya kutoa na maneno dBm. Kwenye 4G inaitwa RSRP. Ikiwa karibu na sifuri ndiyo nzuri zaidi, yaani -85 ni bora kuliko -110. Mimi naigawa hivi: kuanzia -95 kupanda juu, tuma bila wasiwasi. Kati ya -95 na -105, picha zitaenda ila taratibu. Ikishuka chini ya -110, usijisumbue kutuma mzigo mkubwa, hama kwanza. Na usidharau tofauti ya namba 10. Ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanzo.

Hesabu ya dukani kwangu Kilindoni

Mteja wa Dar alitaka kuchagua mikeka ya ukindu, na alitaka mzigo upande boti ya siku hiyo ya kwenda Nyamisati. Picha zilikuwa 12, kila moja megabaiti 4, na nilizituma kama faili ili rangi za ukindu zisiharibike. Kabla ya kuzituma zote nilijaribu picha moja sehemu tatu.

Kaunta, chini ya bati na ukuta wa tofali pande zote, namba ilikuwa -114. Picha moja ilichukua dakika 2 na sekunde 40. Zidisha mara 12, ni dakika 32, kama haikukatika njiani.

Mlangoni ilikuwa -103. Picha moja sekunde 40, zote 12 dakika 8.

Nyuma ya duka, hatua kama 15 kutoka kwenye ukuta, pale minazi ilipoacha uwazi, ilikuwa -94. Picha moja sekunde 12. Zote ziliondoka kwa dakika mbili na nusu hivi, mteja akachagua, mzigo ukawahi boti.

Simu ile ile, laini ile ile, bando lile lile. Bati linazuia mawimbi vibaya sana, ukuta unayapunguza, na majani ya minazi yakilowa mvua nayo yanakula nguvu. Kwa hiyo ukitafuta sehemu, toka kwanza chini ya bati, kisha tafuta uwazi, kisha panda juu kama pana ngazi au kibaraza. Ukifika sehemu mpya washa Airplane mode kwa sekunde 15 uizime, ili simu itafute mnara upya badala ya kung'ang'ania ule wa mwanzo. Subiri nusu dakika namba itulie ndiyo usome.

Namba nzuri lakini bado polepole

Siku hiyo hiyo saa 2 usiku nilirudi pale pale nyuma ya duka. Namba bado -94, ila picha moja ilichukua dakika moja na nusu. Hapo kuhama hakusaidii, kwa sababu mawimbi yanafika. Angalia namba ya pili, RSRQ. Mchana ilikuwa -10, usiku ikawa -17. Hii inaonyesha usafi wa mawimbi, na hushuka watu wakiwa wengi kwenye mnara au minara ikiingiliana. Ikiwa karibu na -10 ni nzuri, ikishuka chini ya -15 foleni ni kubwa.

Hapo ndipo kubadilisha aina ya mtandao kunapofaa. Ingia Settings, kisha Mobile network, kisha Preferred network type au Network mode, uchague 3G. Usiku ule 3G ilikuwa na watu wachache, picha ikaenda kwa sekunde 35. Siku nyingine inakuwa kinyume, kwa hiyo jaribu kwa picha moja kila upande. Usilinganishe dBm za 3G na za 4G, zinapimwa tofauti. Linganisha muda wa kutuma. Ukimaliza rudisha kwenye ile ya kuchagua yenyewe (auto), la sivyo kesho utabaki kwenye 3G wakati 4G iko wazi. Kama mzigo si wa haraka, tuma saa 11 alfajiri, foleni hakuna.

Huwezi kukaa nje siku nzima

Kama una simu mbili, iache moja pale penye namba nzuri, kivulini, na uwashe Hotspot. Wewe fanya kazi na ya pili ndani. Wai-fai ya simu inafika mita kumi hivi ikipita mlango au dirisha, ila ukuta mnene na bati vinaipunguza nayo.

Na ukipima kila kona ukakuta -115 kwenda chini, hapo kwako mnara wa mtandao huo uko mbali. Azima laini ya mtandao mwingine kwa jirani, upime sehemu zile zile tatu kabla hujanunua yako. Mtandao unaokimbia Kilindoni unaweza usiwe unaokimbia Utende au Bweni, kwa hiyo pima pale unapouzia.

Leo chukua karatasi, andika sehemu tatu za duka lako, dBm ya kila moja, na sekunde za kutuma picha moja, mchana na usiku. Ibandike kaunta. Mteja akisema "nitumie sasa hivi", utajua usimame wapi.