CHANELI YAKO YA YUTYUBU IMEHAKIWA: UTAJUAJE KAMA IMERUDI KWELI?

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee na nyie mnaouza kupitia chaneli za Yutyubu. Mtu akihakiwa, kitu cha kwanza anachouliza ni "imerudi au bado?" Shida ni kwamba anaona ujumbe mmoja kwenye skrini anafurahi, au anaona mwingine anakata tamaa, kumbe hakuuelewa.

Shika hili kwanza: kuna ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni akaunti ya Google, yaani ile Gmail unayoingilia. Ya pili ni chaneli yenyewe. Ya tatu ni video zako. Kila ujumbe unaouona unahusu ngazi moja tu. Akaunti inaweza kurudi huku chaneli imefungwa, na chaneli inaweza kurudi ikiwa tupu. Zikirudi zote tatu, hapo ndo useme imerudi.

Sasa tuchukue mfano wa dada anayeuza mapazia. Ana wafuasi 6,300 na video 140. Jumatatu asubuhi wateja wanampigia kwamba chaneli yake ina jina jingine na inarusha laivu ya sarafu za mtandaoni. Akijaribu kuingia, paswedi inakataa.

NGAZI YA KWANZA: AKAUNTI

Anaenda g.co/recover, anaandika Gmail yake na paswedi ya mwisho anayoikumbuka. Anaambiwa:

"Your password was changed" pamoja na muda, mfano siku moja iliyopita. Maana yake kuna mtu amebadilisha paswedi. Muda huo uandike mahali, kwa sababu mwizi akibadilisha namba ya simu au barua pepe ya kurejeshea akaunti, Google inaweza bado kukuruhusu kupokea namba ya uthibitisho kwenye ile ya zamani kwa siku 7. Kwa hiyo usikae wiki nzima ukiulizia kwa majirani.

"Google couldn't verify this account belongs to you." Huu ndo unawakatisha watu tamaa. Haimaanishi akaunti imefutwa, wala haimaanishi umekataliwa milele. Maana yake ni kwamba majibu uliyotoa hayakutosha kuthibitisha wewe ndo mwenyewe. Rudia ukitumia simu au kompyuta uliyozoea kuingilia, na intaneti ya mahali ulipozoea, kama dukani au nyumbani. Ukijaribu kwenye simu ya rafiki aliye mkoa mwingine unajiharibia.

Wakati mwingine unaambiwa usubiri, ombi lako linaangaliwa. Hilo linaweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa. Hapo subiri kweli.

Dada wa mapazia Jumanne anapata namba ya uthibitisho kwenye laini yake ya zamani, anaingia, anaweka paswedi mpya. Ngazi ya kwanza imerudi. Ila kabla ya kushangilia anafungua myaccount.google.com/device-activity na kutoa vifaa vyote asivyovijua. Wezi wengi wa chaneli hawaibi paswedi. Wanakutumia faili la "tangazo la udhamini", ukilifungua linaiba ile tiketi ambayo brauza inaihifadhi ili usiulizwe paswedi kila mara. Ndo maana hata mwenye uthibitisho wa hatua mbili anaweza kuibiwa. Na kama lile faili bado lipo kwenye kompyuta, lisafishe kwanza, la sivyo anarudi kesho.

NGAZI YA PILI: CHANELI

Hapa usiangalie ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Fungua dirisha la Incognito uone kile anachoona mteja. Na usitafute kwa jina, maana mwizi alishalibadilisha. Tumia namba ya chaneli inayoanza na UC, ambayo haibadiliki hata jina likibadilika. Ukiwa umeingia, unaipata youtube.com/account_advanced. Anwani yake inakuwa hivi:

```
youtube.com/channel/UCxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxx
```

Unaweza kukutana na majibu haya:

Chaneli inafunguka ila ina jina na picha ngeni. Chaneli ipo, imevalishwa nguo za mwizi. Rudisha jina, picha na lile jina lenye alama ya @. Yutyubu inakushikilia jina la @ la zamani kwa siku 14, kwa hiyo fanya mapema.

"This account has been terminated" ikifuatiwa na sababu. Yutyubu wenyewe wameifunga kwa sababu ya zile laivu za utapeli. Haijapotea. Ila lazima uwe umeirudisha akaunti kwanza, halafu ndo ukate rufaa, ukieleza kwamba ulihakiwa na lini.

"This channel does not exist." Hapa chaneli imefichwa au imefutwa. Ikiwa imefichwa, ukiingia unaweza kuifungua mwenyewe. Ikiwa imefutwa, inabidi uwaombe Yutyubu, na hakuna uhakika.

Dada wetu anakuta "terminated". Anakata rufaa Jumanne hiyo hiyo. Akisubiri jibu, anaangalia jambo ambalo wengi wanalisahau: ndani ya Gmail, kwenye mipangilio ya "Filters and Blocked Addresses". Wezi wanaweza kuweka amri humo kwamba kila barua ya Yutyubu iende moja kwa moja kwenye takataka. Unaweza kukaa mwezi unasubiri jibu ambalo lilishakuja.

NGAZI YA TATU: VIDEO

Jibu linakuja, chaneli imefunguliwa. Anaingia kwa Incognito: jina lipo, wafuasi wapo, video hakuna hata moja. Anabofya linki ya zamani ya pazia la sebuleni, inamwambia "This video is private".

Huo ujumbe ni habari njema. Video ipo, mwizi ameificha tu ili laivu yake ionekane peke yake. Anaingia studio.youtube.com, sehemu ya Content, anaona zote 140 zimeandikwa Private. Anafuta laivu za mwizi kwanza, kisha anachagua zake na kuzirudisha Public kwa mkupuo. Zile ambazo mwenyewe alikuwa amezificha tangu zamani anaziacha. Video ambayo haipo kabisa kwenye orodha hiyo, hiyo imefutwa.

Halafu kuna hela. Soma maelezo ya chaneli na ya video zinazotazamwa sana, uhakikishe namba ya kulipia na ya Watsapu ni yako. Namba moja ngeni ikibaki, mteja analipa kwa mwizi na lawama inakuja kwako. Malizia kwa Settings, kisha Permissions: jina lolote usilolijua, litoe.

TAHADHARI MOJA

Ukilia mtandaoni kwamba umehakiwa, ndani ya dakika chache watakuja watu: "mtafute fulani, alinirudishia yangu." Hao ni wezi wa awamu ya pili. Kukata rufaa Yutyubu hakulipiwi hata shilingi. Na hakuna anayehitaji namba yako ya uthibitisho ili akusaidie.

Leo kabla hujalala, nakili namba yako ya UC uiandike kwenye daftari la duka. Ukishahakiwa, hutaweza kuingia ndani kuitafuta.