Nyumba Iko Rehani: Nani Anaweza Kuiuza, na Unaweza Kulipa Mpaka Lini?

Kijitabu cha maswali ya kuchagua kwa wakaaji wa Kamina

Soma swali, chagua jibu kwanza, kisha ndipo usome maelezo. Mfano wetu ni wa kubuni: mama mchuuzi wa Kamina ana paseli yenye nyumba kubwa anamokaa, na nyuma yake vyumba vinne vya kupangisha. Paseli hiyo ina thamani ya dola 20,000. Mama alikopa makuta ya biashara. Mzigo ukakwama njiani, malipo nayo yakakwama. Leo, ukijumlisha deni, riba na gharama, anadaiwa dola 4,500.

Swali la 1. Mkopeshaji alichukua livre ya lojeri ya mama na kuifungia sandukuni. Je, paseli iko rehani?

A. Ndiyo, aliye na karatasi ndiye mwenye paseli.
B. Ndiyo, mradi mashahidi wawili walitia sahihi.
C. Hapana.

Jibu ni C, na hapa ndipo watu wengi wa mitaani hupotea. Katika sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973, haki ya kudumu juu ya paseli inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na konsavateri wa hati za nyumba na mashamba. Livre ya lojeri au fishi ya paseli haifiki hapo. Na tangu OHADA ianze kutumika nchini, 12 Septemba 2012, sheria yake ya dhamana inasema wazi kwamba rehani ya nyumba huwekwa juu ya mali iliyosajiliwa tu, nayo iandikishwe kwa konsavateri. Mkopeshaji mwenye livre bado anadai makuta yake, na anaweza kumshtaki mama ili alipwe. Lakini sandukuni hana rehani, ana karatasi.

Tuseme basi kwamba mama ana cheti cha usajili, na rehani iliandikishwa ipasavyo.

Swali la 2. Mama ameshindwa kulipa miezi minne. Mkopeshaji anaweza kufanya nini?

A. Kutafuta mnunuzi na kumwuzia nyumba yeye mwenyewe.
B. Kuhamia ndani ya nyumba mpaka deni liishe.
C. Kuomba iuzwe kwa mnada kupitia mahakama.

Ukichagua A, huenda ulisoma vitabu vya nchi nyingine. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mkopeshaji mamlaka ya kuuza bila kwenda kortini kwanza. Anatoa ilani ya miezi mitatu ya kurekebisha kosa, halafu ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kwa hiyo swali la rehani likikujia, uliza kwanza ni la nchi gani.

Kwetu jibu ni C. Sheria ya OHADA ya utekelezaji ya 1998 inakataza mdai kuuza nyumba ya mdaiwa nje ya hatua zake, hata kama mdaiwa alikubali kwa maandishi. Mdai awe na hati yenye nguvu ya kutekelezwa, kwa mfano hukumu, na deni lake lijulikane ni kiasi gani na liwe limefika siku ya kulipwa. Kisha wisie anamletea mama amri ya kulipa. Amri hiyo inamwonya kwamba asipolipa ndani ya siku 20 itapelekwa kwa konsavateri, na ikishaandikwa huko nyumba imekamatwa. Tangu hapo mama hawezi kuiuza wala kuiweka rehani tena. (Siku, hatua na viwango vya mnada tunavyotaja ni vya andiko la 1998. Andiko hilo lilirekebishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, kwa hiyo mwenye kesi mpya afungue lile jipya pamoja na wakili wake.)

Swali la 3. Mkataba unasema: "Asipolipa, paseli ni ya mkopeshaji." Neno hilo lina nguvu?

A. Daima.
B. Kamwe.
C. Linategemea mwenye paseli ni nani na paseli inatumika kwa nini.

C. Sheria ya dhamana ya 2010 inaruhusu sharti la namna hiyo pale tu mwenye mali anapokuwa kampuni au mfanyabiashara aliyeandikishwa kwenye rejesta ya biashara, na mali yenyewe si ya kukaa watu. Mama anakaa mle ndani. Neno hilo halimfungi, hata kama alitia dole gumba mara tatu. Hata hakimu hawezi kumpa mkopeshaji nyumba hiyo badala ya deni ikiwa ndiyo makao makuu ya mdaiwa. Njia iliyobaki ni mnada.

Swali la 4. Mama amepata makuta. Anaweza kukomboa nyumba mpaka lini?

A. Mpaka zile siku 20 ziishe.
B. Mpaka mnada utangazwe.
C. Mpaka kabla nyumba haijaangukia mnunuzi kwenye mnada.
D. Hata baada ya mnada, akirudisha bei.

Ni C. Rehani inaishi kwa deni. Deni likilipwa lote, pamoja na riba na gharama, hakuna tena cha kuuzia nyumba. Ubaya ni kwamba gharama hukua kila hatua: amri, matangazo, wakili. Dola 4,500 za leo si zile za mwezi ujao.

Na kama hana zote? Kuna mlango ambao wadaiwa wengi hawaujui. Mdaiwa akionyesha kwamba mapato safi ya nyumba zake kwa miaka miwili yanatosha kulipa deni lote, na akakubali mdai ayapokee, mahakama inaweza kusimamisha mauzo. Tuhesabu. Vyumba vinne vinamwachia mama dola 200 kwa mwezi, baada ya kutoa kodi na matengenezo. Kwa miezi 24 ni dola 4,800. Zinapita 4,500. Aandike hilo mapema, alete na mikataba ya wapangaji. Akisema kwa mdomo siku ya mnada, amechelewa. Pia hakimu anaweza kugawa malipo kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Asipofanya lolote, mnada unafika. Bei ya kuanzia haiwezi kuwa chini ya robo ya thamani ya nyumba, kwa hiyo hapa ni dola 5,000. Robo! Watu hushtuka, lakini hiyo ni bei ya kuanzia tu. Kwa utaratibu wa 1998 huwashwa mishumaa midogo, kila mmoja wa kama nusu dakika. Mitatu ikizimika mmoja baada ya mwingine bila mtu kuongeza bei, nyumba imekwenda. Mshumaa wa mwisho ukishazimika, mama akija na makuta hayarudishi nyumba.

Tuseme imekwenda kwa dola 12,000. Kwa siku kumi mtu mwingine anaweza kuongeza angalau sehemu moja ya kumi, yaani kufika 13,200, na mnada ukarudiwa. Ikibaki 12,000, na tukiacha kando gharama zilizoongezeka, mdai anachukua 4,500 zake. Zinazobaki, 7,500, si za mdai wala za wisie. Ni za mama, kama hakuna mdai mwingine aliyeandikishwa. Azidai kwa maandishi.

Swali la 5. Mama alilipa kabla ya mnada na amepewa risiti. Amemaliza?

A. Ndiyo.
B. Bado.

B. Risiti iko mkononi mwake, lakini rehani bado imeandikwa kwa konsavateri, na mnunuzi au benki nyingine itaiona hapo. Mama aombe mdai amwandikie hati ya kuachilia rehani, aipeleke kwa konsavateri, na asiondoke dirishani kabla ya kuona mwandiko wa rehani umefutwa.