Presha Inaposhuka Mashineni na Saa ya Kumeza Vidonge

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu aghalabu ni mtu aliyezoea kuambiwa kwamba presha yake iko juu, na kwa hivyo ahali zake hufadhaika wamwonapo, katika saa ya tatu ya kusafishwa, akipiga miayo mfululizo, akitokwa na jasho la baridi, misuli ya miguu ikimkaza na macho yakimwingia kiza, kisha muuguzi apimapo akakuta presha iliyokuwa 150 kwa 80 imeshuka hata 92 kwa 50. Dalili hizo si za kustahimiliwa kimya. Mgonjwa, au aliyeketi kando yake, hana budi amwite muuguzi papo hapo, naye atasimamisha uvutaji wa maji, atamlaza na kumwinua miguu, na ikilazimu atamwongeza maji ya chumvi mshipani.

Sababu kubwa ni kasi. Figo zikishindwa na kazi, maji hubaki mwilini, na sehemu kubwa yake hukaa nje ya mishipa, katika nyama za miguu na kwengineko. Lakini mashine haiyavuti ila kutoka katika damu, na damu nayo hujazwa polepole na yale yarudiyo kutoka nyamani, mithili ya kisima ambacho, watekaji wakiishinda chemchemi, hukauka hali ardhi ya kando ingali tepetepe. Ndiyo maana mtu aweza kuanguka presha na miguu yake ingali imevimba.

Tuchukue mfano wa mzee ambaye uzito wake mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakiisha kutolewa, ni kilo 60, naye husafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa saa nne. Baada ya siku mbili za mapumziko, na karamu ya arusi iliyokuwa na papa mkavu na achari, aja Jumatatu akiwa na kilo 64. Kumtoa lita nne kwa saa nne ni kumvuta lita nzima kila saa, ilhali matabibu wengi wa figo huchelea kuvuka mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, ambazo kwa mzee huyu ni mililita 780. Kwa mwendo huo, saa nne zatoa lita tatu na kidogo, na akiongezwa saa ya tano hukaribia nne. Na tusimlaumu kwa maji tu, maana chumvi ndiyo iletayo kiu, na kumkanya mtu maji huku mchuzi wa nyumbani umekolea chumvi ni kumdhulumu.

Chakula kizito akiwa mashineni nacho hushusha presha, kwa kuwa damu hukimbilia tumboni. Kadhalika moyo dhaifu, na kisukari cha miaka mingi kilichodhuru neva za mishipa. Pengine mgonjwa amenenepa kwa siha, na uzito mkavu wa zamani haumfai tena. Lakini presha ikianza ghafula kumshuka mtu ambaye hakuwa na tabia hiyo, sharti achunguzwe moyo, maambukizi na kutokwa na damu.

Sasa tuje kwenye vidonge. Mzee wetu humeza alfajiri amlodipini miligramu 10 na atenololi miligramu 50, na saa moja asubuhi yuko mashineni. Atenololi hutolewa kwa wingi na mashine. Basi kidonge cha alfajiri humdhuru mara mbili, kwanza kwa kuuzuia moyo kwenda mbio wakati damu inapopungua, kisha kwa kuoshwa, jioni presha ikapanda bila kizuizi. Huyu, daktari humpangia aimeze baada ya kusafishwa. Amlodipini haioshwi, na nguvu yake hudumu zaidi ya siku nzima. Hiyo huhamishiwa usiku, wala isitarajiwe kwamba kuruka kidonge kimoja kutaiondoa mwilini. Lisinoprili na enalaprili huoshwa kama atenololi. Losatani na kavediloli haziondolewi.

Wako wagonjwa ambao kauli ya "usimeze dawa siku ya mashine" huwaletea hatari, kwani presha yao hupanda hata wakiwa kitini, na kwao vidonge vya asubuhi havina budi kuendelea. Klonidini nayo ikikatizwa ghafula hupandisha presha vibaya mno. Kwa hiyo nyumba isijipangie. Andikeni katika daftari jina la kila kidonge, miligramu zake na saa ya kumezwa, pamoja na presha ya kabla, ya katikati na ya baada ya kusafishwa, mkampe daktari wa figo apange saa upya. Na siku ya mashine mgonjwa asiondoke kwenda nyumbani kabla hajapimwa presha akiwa amesimama.