Barua ya Kupokea Malalamiko: Isome Hivi

Katika somo hili tunaeleza jibu la kwanza ambalo mlalamikaji hustahili kulipata anapomlalamikia askari polisi nchini Uganda. Sheria ya Polisi humruhusu mtu yeyote kumwandikia Kamanda wa Polisi wa Wilaya kuhusu rushwa, vitisho au uzembe wa askari, na jambo likilazimu, kumwandikia Inspekta Jenerali moja kwa moja. Wengi huandika vizuri, kisha hupokea jibu wasilojua kulipima. Hukaa nyumbani wakingoja, na shauri likafifia.

Tuchukue mfano. Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki wa Busia alidaiwa shilingi 50,000 ili mpwa wake aachiliwe kwa dhamana ya polisi. Alilipa, akanyimwa stakabadhi. Dhamana ya polisi haina malipo, kwa hiyo alikuwa na haki ya kulalamika. Jibu linalofaa lingesomeka hivi:

“Kwako Mama. Malalamiko yako ya tarehe 4 Machi 2025 tumeyapokea leo, tarehe 5 Machi, na kuyaandika katika daftari la matukio kwa nambari SD 18/05/03/2025. Tumeelewa kuwa unalalamikia kudaiwa shilingi 50,000 kwa dhamana ya mpwa wako, tarehe 2 Machi, saa kumi jioni, bila stakabadhi. Ofisa ambaye hakuwa katika zamu hiyo atachukua maelezo yako kabla ya tarehe 12 Machi. Utapewa jibu la maandishi ifikapo tarehe 26 Machi. Tarehe hiyo ikipita, au usiporidhika, mwandikie Kamanda wa Polisi wa Mkoa, au ufike katika Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha Polisi, ukiwa na nakala ya barua hii.”

Tuitazame barua hii kwa utaratibu. Nambari ya SD hueleza kwamba hilo lilikuwa tukio la 18 kuandikwa siku hiyo ya tarehe 5 Machi 2025. Kwa nambari hiyo, ofisa yeyote aweza kulifungua daftari na kuyaona malalamiko, hata kama aliyeyapokea amehamishwa. Barua isiyo na nambari ni vigumu kuifuatilia.

Sentensi ya pili ndiyo ya kusomwa kwa makini zaidi, kwani hapo ndipo shauri huweza kubadilika sura. Iwapo jibu lingesema kwamba Mama analalamikia “kucheleweshwa kwa dhamana”, suala la fedha lingekuwa limekwisha kutoweka, na uchunguzi ungejibu swali ambalo hakuliuliza. Ukiona hivyo, rudi siku hiyo hiyo uombe lisahihishwe kwa maandishi.

Kisha zitafute tarehe. Siku 21 za mfano wetu zaweza kuwa chache au nyingi kulingana na mashahidi wanaohitajika. Lililo muhimu ni kwamba tarehe itajwe. Maneno kama “hivi karibuni” hayana mwisho, hivyo hayampi mlalamikaji siku ya kusema kwamba amecheleweshewa. Mkumbuke pia kwamba “tumeyapokea” si sawa na “tumeyathibitisha”. Barua hii haimtii askari hatiani wala haimwondolei lawama.

Mwisho ni njia ya kupanda juu. Jibu litaje ofisi, wala lisiseme tu “ngazi za juu”. Nje ya polisi, mlalamikaji aweza kuiendea Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ijapokuwa Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani.

Kwa wanaoishi ng'ambo ya mpaka, acheni nambari ya simu inayopatikana mnakoishi, na mkubaliane na kituo mahali pa kuchukulia jibu. Aidha, tukio likiwa limetendeka upande wa pili, polisi wa upande huo ndio wanaohusika. Jibu la kwanza lapaswa kuwaeleza hivyo mara moja, badala ya kuwangojesha majuma matatu.

Lipo jambo moja lisilongoja tarehe za barua. Katiba ya Uganda huagiza mtu aliyekamatwa kwa kosa, iwapo hajaachiliwa, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 48. Kama mpwa wa Mama yule angali mahabusu, Mama asikae akingoja tarehe 26. Amwone mkuu wa kituo siku hiyo hiyo, na asiposikilizwa, aende kwa Kamanda wa Wilaya. Malalamiko ya fedha yataendelea kwa njia yake. Kijana aliye mahabusu hahesabiwi kwa majuma, bali kwa saa.